Joho la wakili katika picha iliyohaririwa: nguo ipi iwe juu ya ipi

Mtu anapokubaliwa kuwa wakili hupigwa picha nyingi siku hiyo, lakini mara nyingi ile anayoipenda zaidi ni nyingine, aliyopigwa studio miezi michache nyuma akiwa na suti nyeusi, uso umetulia na mwanga umemkaa vizuri. Hiyo ndiyo anayompelekea mhariri wa picha na kumwomba amvishe joho. Ombi hilo huonekana dogo, na wahariri wengi hulitimiza kwa dakika kumi: hutafuta joho mtandaoni, hulikata kuzunguka shingo, kisha hulibandika juu ya suti. Mtu asiyewahi kuingia mahakamani huiona picha hiyo kuwa nzuri. Wakili mwenzake huona kosa kabla hata hajautazama uso, kwa sababu yeye huvaa vazi hilo na mwili wake unajua kila kipande kinakaa wapi.

Kosa linatokana na kulichukulia joho kuwa nguo moja. Vazi la mahakamani lililorithiwa kutoka Uingereza, ambalo ndilo linalovaliwa na mawakili wa Tanzania na Kenya katika mahakama za juu, ni mpangilio wa nguo kadhaa zinazovaliwa kwa zamu, na kila moja huacha sehemu ya ile iliyo chini yake ionekane. Mhariri akizijenga kwa zamu ileile ambayo mvaaji huzivaa asubuhi, kazi humnyookea. Akianza na joho lenyewe, atakuwa anaziba makosa hadi mwisho.

Kabla ya yote kuna sharti moja ambalo nalishikilia bila mjadala: kazi hii hufanywa kwa mtu mwenye haki ya kulivaa joho hilo. Sheria ya Tanzania na ya Kenya inamkataza mtu ambaye hajasajiliwa kuwa wakili kujifanya wakili, na picha iliyohaririwa vizuri ni chombo chepesi cha kujifanya. Kumwomba mteja uthibitisho kwamba amesajiliwa si kumvunjia heshima.

Tuanze ndani. Nguo ya kwanza ni shati jeupe lenye kola iliyosimama, ambayo ncha zake mbili ndogo zimekunjwa mbele kama mabawa. Kola hiyo ndiyo inayozibeba bendi, yaani vile vitambaa viwili vyeupe vinavyoning'inia chini ya kidevu. Bendi hufungwa kwa utepe unaozunguka shingo, vitambaa vyake hutokea katikati ya kola, na ncha za kola hubaki zikionekana upande huu na upande huu. Vitambaa hivyo viwili havishuki sambamba kabisa, bali huachana kidogo kadiri vinavyokwenda chini, na kila kimoja kina pindo jembamba lililoshonwa kingoni. Anayevaa bendi havai tai. Picha yenye bendi juu ya tai, au yenye bendi zinazotokea chini ya kola ya kawaida ya shati la ofisini, imeharibika hata kama joho lake limechorwa kwa ustadi mkubwa.

Kwa wanawake mpangilio wa shingoni unaweza kuwa tofauti. Mawakili wengi wanawake huvaa kola ya kipekee iliyoungana na kipande cha kitambaa cheupe kinachofunika kifua, na bendi zimeshonwa humohumo. Kola hiyo hulala karibu zaidi na shingo na haina ncha za mabawa. Kuchukua shingo ya picha ya mwanamume na kumwekea mwanamke, jambo ninaloliona mara kwa mara, humpa kola pana kuliko shingo yake, na pengo la upande huzibwa kwa kivuli cheusi kisicho na sababu.

Juu ya shati huja kizibao au koti jeusi. Vikiwa na koti la kawaida la suti, vitambaa vya bendi hulala juu ya shati, kati ya mikunjo miwili ya kola ya koti. Vikiwa na kizibao kinachofungwa juu hadi karibu na shingo, ncha za chini za bendi huangukia juu ya kizibao. Hili ni la kuamuliwa mapema, kwa sababu linabadilisha mahali kivuli cha bendi kitakapoangukia: juu ya kitambaa cheupe, ambapo kitaonekana kijivu chepesi, au juu ya cheusi, ambapo hakitaonekana kabisa.

Mwisho kabisa ndipo linapokuja joho. Joho la wakili wa kawaida liko wazi mbele kutoka juu hadi chini, halifungwi, na koti huonekana katikati yake. Kitambaa chake kimekusanywa kwa marinda kwenye kipande kinachokaa mabegani na mgongoni, na marinda hayo ndiyo yanayolipa joho uzito wa kuanguka. Mikono yake ni mipana na imeachwa wazi, hivyo mkono wa koti na kipande cha mkono wa shati hutokeza ndani yake. Kuna pia jambo ambalo karibu kila mhariri hulikosa: kwenye bega la kushoto, upande wa nyuma, kumeshonwa kipande cha kitambaa, na kutoka hapo utepe mwembamba hupita juu ya bega na kushuka mbele. Bega la kulia halina kitu. Joho hili, basi, halilingani pande zake mbili, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofichua picha nyingi za kubandika.

Hebu tufuate picha moja hatua kwa hatua. Tuseme ina upana wa pikseli 3000 na urefu wa pikseli 4000, mteja ametazama mbele akiwa amevaa suti nyeusi na tai, mikono imeshuka ubavuni, na taa kuu iko upande wa kulia wa anayeitazama picha. Upande wa taa hausomwi kwa kukisia, bali kwa kivuli cha pua: kikiangukia shavu lililo kushoto mwa picha, taa iko kulia.

Joho la kutumia linapaswa kupigwa picha studio, likiwa limevaliwa na mtu mwenye umbo linalokaribiana na la mteja, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile na taa upande uleule. Mhariri anayetegemea picha za mtandaoni karibu kila mara atakutana na joho zuri lililopigwa taa upande usiofaa, na hapo kishawishi cha kuligeuza kwa amri ya `Flip Horizontally` huwa kikubwa. Akifanya hivyo taa italingana, lakini utepe wa bega la kushoto utahamia bega la kulia. Kumbuka kwamba bega la kushoto la mvaaji aliyetutazama liko kulia mwa picha. Nimewahi kuona picha kubwa ya ukutani ya kundi la mawakili ambamo mmoja tu alikuwa na utepe kwenye bega lisilo lake, na kila mgeni aliyejua mavazi hayo alisimama mbele yake na kuuliza kama yule mtu kweli alikuwapo siku ile. Alikuwapo kweli, ila mavazi ndiyo yaliyosema vingine.

Kipimo kinapatikana usoni. Kwa mtu mzima, kutoka kidevuni hadi utosini ni kama sentimita 22 hadi 23. Ikiwa umbali huo katika picha yetu ni pikseli 900, basi kila sentimita ni takriban pikseli 40. Bendi kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 12 hadi 15. Tukichukua 13, zitakuwa pikseli 520 hivi kwenda chini. Hesabu hiyo ya nusu dakika huzuia kosa la bendi zinazofika tumboni, au zile fupi zinazofanana na kola ya padri.

Sasa tabaka zenyewe. Nitatumia majina ya programu ya GIMP kwa kuwa haina malipo, lakini mantiki ni ileile kwenye programu nyingine. Picha ya asili hukaa chini kabisa na haiguswi. Juu yake huwekwa tabaka la shati na kola mpya, ambalo linafunika tai na kola ya zamani. Kingo zake husafishwa kwa `Layer Mask`, kwa sababu kufuta kwa kifutio hakurudishiki wakati kuficha kwa `Layer Mask` hurudishika. Shingo na kidevu vya mteja hunakiliwa kwenye tabaka lao na kuwekwa juu ya sehemu ya nyuma ya kola, ili kola ionekane imezunguka shingo badala ya kuikata. Kisha huja kivuli cha bendi, halafu bendi zenyewe.

Joho haliwi tabaka moja bali mawili au matatu. Sehemu inayopita nyuma ya shingo na kuonekana kidogo juu ya mabega hukaa chini ya tabaka la shingo, na sehemu ya mbele hukaa juu ya koti. Mikono ya joho nayo hugawanywa: ukuta wa ndani, ule tunaouona kwa sababu mkono ni mpana na uko wazi, huwekwa nyuma ya mkono wa mteja, na ukuta wa nje huwekwa mbele yake. Ukitaka kujua kama mhariri ameruka hatua hii, tazama kiganja. Ikiwa mkono wa mtu unaonekana kuchipuka kwenye ukingo wa kitambaa, bila giza la ndani ya mkono wa joho kuuzunguka, basi joho limewekwa kama tabaka moja. Matabaka haya ya joho husogezwa yote kwa kiasi kilekile, na umbo la kila moja hurekebishwa kwa `Warp Transform` hadi mabega yakae juu ya mabega ya mteja. Marinda yasivutwe sana. Yakishapanuka upande mmoja zaidi ya mwingine, macho hutambua kwamba kitambaa kimenyooshwa kama mpira.

Vivuli ndivyo vinavyoifanya nguo iwe juu ya nguo nyingine. Kila ukingo wa joho unaogusa koti huhitaji kivuli chake kwenye tabaka tofauti lililowekwa katika hali ya `Multiply`, na `Opacity` kati ya asilimia 30 na 50. Kivuli hicho huwa na sehemu mbili. Iliyo karibu na ukingo ni nyembamba na nzito, kwa sababu kitambaa kimegusana na kitambaa. Iliyo mbali hupanuka na kufifia. Kwa bendi, ambazo hulala milimita moja au mbili tu juu ya shati, na kwa kipimo chetu cha pikseli 4 kwa milimita, kivuli kinachozidi pikseli 8 au 10 kitazifanya zionekane zinaelea hewani. Wahariri wengi hutumia kivuli kimoja kwa kila kitu, na ndiyo maana bendi, kola na joho huonekana kama karatasi zilizopangwa kwenye ubao.

Ugumu wa pekee wa kazi hii ni weusi. Joho ni jeusi, koti ni jeusi, na katika picha za watu wetu ngozi nayo mara nyingi ni nyeusi, hivyo mhariri anayependa picha yenye giza zito huishia na kichwa kinachoelea juu ya shimo. Kitambaa cheusi kilichopigwa mwanga hakina thamani ya 0. Katika kipimo cha 0 hadi 255, sehemu zake za kivuli zinaweza kukaa kati ya 15 na 30 na migongo ya marinda kati ya 50 na 80, na tofauti hiyo ndiyo inayotuonyesha kwamba ni kitambaa. Katika `Curves`, nyanyua kidogo upande wa giza wa tabaka la joho hadi marinda yasomeke, halafu linganisha na koti: weusi wa aina mbili usiofanana ni jambo la kweli, kwa kuwa sufu ya suti haing'ai kama kitambaa cha joho. Ukizifanya zilingane kabisa, ukingo wa joho utapotea na mteja ataonekana amevaa koti lisilo na umbo.

Upande wa pili wa kipimo uko weupe wa bendi. Zikifika 255 hugeuka mabaka matupu yasiyo na nyuzi wala pindo. Zikibaki kati ya 230 na 245, pindo lake huonekana. Na kwa kuwa kitambaa cheupe hurudisha mwanga, chini ya kidevu cha mtu aliyevaa bendi huwa na mng'ao hafifu ambao picha ya awali, yenye tai nyeusi, haikuwa nao. Brashi laini kwenye tabaka la `Screen` lenye `Opacity` isiyozidi asilimia 10 inatosha kuurudisha. Hatua hii ni ndogo, lakini ndiyo inayoufanya uso na vazi vionekane vimepigwa picha mara moja.

Joho la jaji linafuata mantiki hiyohiyo, isipokuwa hapo rangi na idadi ya vipande husema cheo na nchi, na kwa hiyo hairuhusiwi kubuni. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2008, majaji wengi wanaosikiliza mashauri ya madai wanavaa joho jipya la rangi ya giza lililobuniwa na Betty Jackson, bila wigi na bila bendi nyeupe, likiwa na vipande viwili vya rangi chini ya shingo: dhahabu kwa Mahakama ya Rufani, nyekundu kwa Mahakama Kuu, na buluu kwa majaji wa wilaya. Kumwekea bendi nyeupe jaji mwenye joho hilo ni kuchanganya vazi la zamani na jipya. Marekani, jaji huvaa joho jeusi linalofungwa mbele, na kinachoonekana juu ni kola ya shati na fundo la tai. Ukiliacha wazi kama la wakili wa Dar es Salaam, umemvisha vazi la nchi nyingine. William Rehnquist, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, aliongeza mistari minne ya dhahabu kwenye kila mkono wa joho lake mwaka 1995, na mrithi wake hakuiendeleza. Picha ya jaji mwingine wa mahakama hiyo yenye mistari hiyo, au ya Rehnquist mwenyewe mwaka 1990 akiwa nayo, ni picha ya uongo. Kenya nako mavazi ya majaji yamebadilika tangu mwaka 2011, Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoachana na wigi, kwa hiyo swali la kwanza la mhariri ni picha inahusu mwaka gani. Jibu la kuaminika hutoka kwenye picha ya mahakama hiyohiyo ya wakati huohuo, si kwenye matokeo ya kwanza ya utafutaji.

Vazi la kwaya la Kianglikana lina tatizo la kinyume, kwa sababu tabaka la juu ni jeupe na jepesi. Ndani huvaliwa kanzu ndefu yenye rangi, inayofika karibu na kiatu, na juu yake vazi jeupe pana lenye mikono mikubwa, ambalo huishia juu zaidi, hivyo ukanda wa kanzu hubaki ukionekana chini. Kitambaa hicho cheupe mara nyingi si kizito, na kanzu nyekundu au ya zambarau huonekana kwa mbali mahali kitambaa kimelala kikiwa kimoja, lakini hutoweka mahali kimekunjwa mara mbili au tatu. Kwa hiyo kupunguza `Opacity` ya tabaka zima hadi asilimia 90 ni kosa: marinda nayo yangepitisha rangi, jambo ambalo kitambaa hakifanyi. Rangi ya chini ipitishwe kwa `Layer Mask`, kwa brashi ya kijivu, kwenye sehemu bapa pekee.

Na kwaya ina watu wengi. Mhariri anayenakili vazi moja mara ishirini huacha mkunjo uleule kifuani kwa wote ishirini, na jicho hulishika jambo hilo haraka kuliko linavyoshika kosa la rangi. Mavazi matano tofauti yaliyosambazwa kwa watu ishirini, kila moja likipindwa kidogo, hutosha, mradi wawili wanaofanana wasikae karibu. Pindo nalo hupimwa kutoka sakafuni badala ya begani, kwa kuwa fundi hushonea kwaya mavazi ya urefu mbalimbali ili mapindo yakae kwenye kimo kimoja, mwimbaji awe mrefu au mfupi.

Kuna picha ambazo hazipaswi kupokelewa kabisa. Mteja aliyekunja mikono kifuani ni mfano mzuri: mikono mipana ya joho ingekusanyika juu ya tumbo katika mikunjo ambayo haipo kwenye picha yoyote uliyonayo, na bendi zingefichwa nusu nyuma ya mkono wa mbele. Aliyeinamisha bega la kushoto mbele ya kamera naye analeta bega lenyewe ambalo kipande chake cha nyuma kingepaswa kuonekana. Kwa hao, mwombe mteja alete joho lake mwenyewe, asimame tena chini ya taa ileile, na upige picha upya. Dakika kumi na tano za studio zitampa kile ambacho siku mbili za kuhariri haziwezi kumpa.